Sharti la Mama Mafuta

Mama Mafuta alipoingia hotelini kwetu mara ya kwanza, mimi ndiye niliyetangulia kumchukia. Sikuwa na ugomvi naye, nilikuwa na ugomvi na mafuta yake. Mimi ni dobi. Taulo iliyopangusiwa mafuta ya masaji haitoki kwa sabuni ya kawaida, hubaki na harufu ya uvundo, na ukiikunja ikiwa bado moto kutoka kwenye mashine ya kukaushia ukairundika na nyingine, inaweza kushika moto yenyewe. Bosi nilipomwambia hivyo alicheka, akasema dobi naye ana ngano zake.

Basi siku wanakaa kuelewana niliitwa ofisini kwa sababu ya taulo, nikaenda nimevimba. Nikamkuta mwanamke mwembamba wa makamo, mjane, mikono yake mikubwa kuliko mwili wake. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Taulo zangu zifuliwe peke yake, kwa maji ya moto, na zikunjwe zikishapoa. Liandikwe hilo." Nikamtazama Bosi. Bosi akatazama dirisha. Kuanzia hapo chuki yangu ikakosa pa kukaa.

Walielewana vizuri, niseme kweli, maana nimeona watu wakishirikiana biashara kwa maneno matupu na kuachana kwa matusi. Hoteli itoe chumba kidogo cha ghorofa ya pili, maji, umeme, taulo na kazi yangu mimi. Yeye alete kitanda chake cha kukandia, mafuta, cheti chake na bima yake, na kila mgeni amuulize afya yake kabla hajamgusa. Akiona mtu ana homa au amelewa, anakataa, na mapokezi hawamlazimishi. Mgeni analipa mapokezi pamoja na bili ya chumba, mwisho wa mwezi wanagawana: katika kila mia, sabini yake, thelathini ya hoteli. Bei wamepanga wote wawili na hakuna wa kuibadilisha peke yake. Bosi akitaka kumpunguzia mgeni ili amfurahishe, apunguze kwenye thelathini yake. Hapo Bosi alikohoa kidogo, lakini akaandika.

Halafu Bosi akaweka sharti lake: mgeni wa hoteli asikandwe nje ya hoteli. Lilikuwa sharti la haki. Hoteli imemleta mgeni, si vizuri umchomoe kwa mlango wa nyuma. Mama Mafuta akakubali, naye akaweka la kwake.

"Wageni wasipewe jina langu wala namba yangu. Na mimi nisipewe zao. Niambieni chumba namba fulani, inatosha."

Bosi akauliza kwa nini. Akasema alipokuwa akizunguka majumbani, mwanamume mmoja aliyekandwa naye bega alidhani amenunua na kilichobaki. Simu usiku, simu alfajiri, mpaka akabadilisha laini na kuhama chumba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bosi akaliandika kwa furaha, kwa sababu lilimlinda yeye pia. Mgeni asiye na namba hachomolewi.

Akaanza kazi. Saluni alikotoka kuja kwetu, wanawake saba walikuwa wakisemana na kuchekana kutwa nzima, redio juu. Kwetu, chumba kile cha ghorofa ya pili kilikuwa na pazia zito na ukimya wa kununuliwa. Wageni huja kupumzika, hawaji kuzungumza. Wanalala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, wanaamka, wanasema asante bila kumtazama, wanatoka. Kutwa nzima anashika watu na hakuna anayemjua. Nilimwita mara nyingi ashuke tule pamoja huku chini kwenye mvuke. Akija anakula haraka, anajibu "nzuri" kwa kila kitu, anapanda. Mume amekufa, mtoto wake wa pekee yuko nchi ya mbali na anapiga simu akikumbuka. Nilimhurumia, lakini mimi nina watoto wanne na mlima wa shuka. Huruma yangu ilikuwa ya kupita tu.

Ndipo akaja bibi wa chumba cha kumi na moja. Mwalimu mstaafu, alikuja kila mwezi kutibiwa kliniki iliyo karibu na hoteli, na dawa zile zilimchosha miguu. Daktari wake alikubali akandwe, polepole, miguu na mikono tu. Mwalimu yule hakujua kunyamaza. Alimsahihisha Mama Mafuta namna ya kuketi. Alimuuliza amekula nini. Siku moja alimshika kiganja, akakigeuza, akaanza kukikanda kwa vidole vyake dhaifu, akasema, "Mikono hii nani anaiangalia?"

Hilo Mama Mafuta alinihadithia mwenyewe, huku chini, ameshika taulo kifuani. Alihadithia mara mbili kana kwamba sikusikia ya kwanza. Siku za Mwalimu ulimjua kwa mwendo. Alikuwa akishuka ngazi akiimba chinichini.

Kisha Mwalimu akaacha kuja. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Mtu anayekwenda kliniki akiacha kuja, wote tunajua tunachowaza, na hakuna anayekitamka. Mama Mafuta alikuwa akipita mapokezi anatazama ufunguo wa kumi na moja kama umetundikwa au haupo. Hakuuliza. Angeuliza nini? Hakuwa na jina la kuulizia, na sharti lilikuwa la kwake mwenyewe.

"Uliza tu," nilimwambia. "Mdomo haulipiwi ushuru."

"Nikiuliza mimi leo, kesho wataniulizia na mimi," akasema. "Sharti ni sharti."

Nilikasirika. Ningekuwa mimi ningempindua yule binti wa mapokezi miguu juu mpaka jina lidondoke. Lakini mtu na moyo wake.

Mwaka ulipoisha, Bosi akatuita tena ofisini kuyaangalia makubaliano upya. Binti wa mapokezi alikuwepo kwa sababu ya miadi, mimi kwa sababu ya taulo. Mambo yalikwenda laini. Bei ikapanda kidogo kwa kuwa mafuta yamepanda. Mgeni atakayeahirisha saa za mwisho atalipa nusu. Mimi nikapata taulo mpya, zile kuukuu zikaachiwa miguu. Bosi akauliza kama kuna lingine.

Mama Mafuta akasema, akitazama meza, "Yule bibi wa chumba cha kumi na moja. Ni mzima?"

Bosi akamgeukia binti wa mapokezi. Binti akasema, tena kwa kujisifu, masikini, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi yake, "Yule Mwalimu? Siku ile ya mwisho aliniomba namba yako. Nikamwambia mhudumu hataki kujuana na wageni."

"Ulimwambia hivyo?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa?"

Haikuwa imeandikwa hivyo. Iliandikwa wasipewe. Kutaka na kutotaka hakukuwemo. Lakini mweleze nini mtoto wa watu, naye alifuata alichoelewa. Niliona Mama Mafuta ameiweka ile mikono yake magotini, hajui aifanye nini.

Bosi ana mabaya yake, ila siku ile alikuwa mtu. Akasema, "Sikupi namba ya mgeni. Lakini naweza kumpigia mimi, nimuulize kama anapenda kuongea na wewe." Akaitafuta kwenye kompyuta, akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa. Bosi akajieleza kwa adabu, akasikiliza, akatabasamu, akamnyooshea simu Mama Mafuta. Simu ya Bosi ina sauti kubwa, kila mtu ofisini alisikia.

"Shikamoo Mwalimu. Ni mimi, wa masaji."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hukunikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi?"

"Si niliambiwa hutaki kujuana na wageni? Nikaona haya. Nikajiambia uzee huu nisiwe mzigo kwa mtu aliye kazini. Nikahama hapo kwenu."

"Ulihamia wapi?"

"Si mbali. Nyumba ya wageni ya mtaa wa nyuma, yenye geti la bluu. Kila mwezi nilikuwa hapo."

Geti la bluu. Ninapoanika shuka uani naliona juu ya ukuta. Nikijinyoosha naweza kumsalimia anayetoka. Miezi yote ile Mama Mafuta alikuwa akitazama ufunguo, na bibi yake amelala upande wa pili wa kamba yangu ya nguo, miguu inamuuma, anaona haya. Nilitaka kupiga mtu na sikuona wa kumpiga.

Mama Mafuta alimtazama Bosi. Bosi akaelewa, akatikisa kichwa kukubali, kwa mara hii moja akande nje.

"Mwalimu, mwezi ujao usihangaike. Nitakuja mwenyewe hapo kwenye geti la bluu. Nitakuja na mafuta."

"Mwanangu, wamenimalizia matibabu wiki iliyopita. Daktari amesema nimepona, sina haja ya kurudi. Niko huku kwa binti yangu, mwendo wa siku nzima kwa basi."

"Umepona?"

"Nimepona kabisa."

"Mungu ashukuriwe," Mama Mafuta akasema, na alimaanisha, uso wake wote ulimaanisha, na machozi yakawa yanashuka juu ya huo uso wa furaha bila kuyapangusa. Mwalimu akamwambia apige simu siku mojamoja. Akasema atapiga. Akataja jina lake, Mwalimu akataja la kwake, wakacheka kwamba miezi yote ile walishikana miguu na mikono wasijuane majina. Kisha binti yake Mwalimu akasikika akimwita mama yake mezani, wakaagana.

Atapiga, najua, mara moja au mbili. Lakini yule si mtu wa simu. Yule ni mtu wa kushika, na simu haishikiki.

Bosi akajikuna shingo. Akasema, "Sasa hili sharti tulifute?"

"Usilifute. Ongeza tu kwamba mgeni akiomba namba yangu, niulizwe mimi kwanza."

Bosi akaandika, akamgeuzia karatasi. Mama Mafuta akasoma ule mstari mpya polepole, kidole kikiufuata. Akashika kalamu, akatia sahihi, akamrudishia Bosi.

"Haya," akasema. "Wa kuomba ndiye hayupo."