Tangi Letu la Kilimani

Fundi wa sola alipiga hesabu sawasawa: maji tunayotaka kwa siku, kimo cha kuyapandisha kutoka yalikolala kisimani hadi kwenye tangi, na nguvu inayopotelea ndani ya pampu. Akafunga paneli za kutosha hapo tu.

Kisha kamati yetu ya kijiji ikalihamishia tangi kilimani, eti kila nyumba ipate. Kimo kikawa maradufu. Paneli zikabaki zile zile.

"Maji yale yale sasa yanataka umeme maradufu, na pampu ya kufika huko," fundi alituambia. "Ama mlishushe tangi."

Pesa za paneli zaidi hatukuwa nazo. Na nani alishushe? Wenye nyumba za juu kilimani walikataa katakata.

Kiangazi kikaja. Adhuhuri, jua likiwaka, tulipata maji ya kunawa uso. Mawingu yakitanda, yale makavu yasiyo na tone, bomba lilikohoa hewa tu.

Mama mkwe, mgonjwa kitandani, akaniuliza, "Yamekuja?"

Nilibeba mtungi nikateremka mtoni. Kutoka kule chini tangi lilionekana vizuri, na kila nyumba ilikuwa pale mtoni kwenye foleni, hata ya mwenyekiti wa kamati.