Mbwa Aliyedungwa Pamoja na Mbuzi

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kazi ya udaktari wa mifugo haijazisogeza mbali hata kidogo. Nakaa Kanamkemer, hapa Lodwar, na wiki nyingi niko kwenye barabara ya Kakuma kwa sababu ya mbuzi. Mbwa naletewa mara chache. Watu wengi wa huku mbwa akiugua wanamwachia Mungu, na Mungu ana mengi ya kufanya. Kwa hiyo mama mmoja aliponipigia simu kuniuliza kama natibu mbwa, nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza samaki wakavu katika soko la kambi ya Kakuma. Samaki aliwafuata mwenyewe kwa wavuvi wa Kerio, kando ya ziwa, na huko ndiko alikopewa mbwa wake akiwa kitoto cha kubebwa kwenye kikapu. Tangu hapo walisafiri pamoja, mama mbele karibu na dereva, mbwa nyuma juu ya magunia. Sasa mbwa alikuwa na kikohozi kikavu kisichoisha, na akimkimbiza paka hata hafiki mbali, analala chini kuhema.

"Huyu mbwa akikufa, daktari, mimi nafunga duka," akaniambia, kwa sauti ileile ambayo angeniambia bei ya samaki. "Nalala peke yangu nyuma ya duka. Watoto wako mbali. Ni yeye tu ananilinda, na ni yeye tu anayenifurahia nikirudi."

Nilikuwa na safari ya chanjo ya mbuzi huko, nikamwambia nitapita jioni.

Jioni niliitaja kwa sababu. Kikohozi, kuchoka, na mbwa wa kutoka Kerio penye mbu wa kuziba pua: nilishawaza minyoo ya moyo. Minyoo hii wakubwa wake wanakaa ndani ya moyo na kwenye mishipa ya kwenda mapafuni, wembamba na warefu, na majike wanazaa watoto wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoogelea kwenye damu. Watoto hao wanajitokeza kwa wingi kwenye damu ya juu saa za mbu, jioni na usiku. Ukitaka kuwaona, ni vizuri utoe damu wakati ambapo na mbu angekuja kuitoa.

Nilimkuta mama amekaa na rafiki yake, mzee wa Kiturkana mwenye mbuzi wengi, ambaye kila siku alikuja kunywa chai pale dukani. "Ejok," mzee akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok-noi," nikamjibu, nikaketi. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, mpole ajabu. Alinipa mguu nitoe damu, akanilamba mkono nilipomaliza. Hapo nikawa nimeshampenda, jambo ambalo halisaidii kazi.

Darubini yangu ndogo ninatembea nayo. Niliweka tone la damu kwenye kioo, nikatazama. Watoto wa minyoo wakiwemo unawaona wanavyojinyonganyonga na kusukumasukuma chembe za damu. Sikuona kitu. Damu iliyobaki nikaichanganya na dawa ya maabara inayovunja chembe nyekundu na kuwaacha minyoo, nikaizungusha kwenye mashine ili walio humo watuame chini, nikatia rangi, nikatazama tena polepole. Hakuna hata mmoja.

"Damu ni safi," nikasema.

Mama alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akainuka kukaanga samaki. Nami nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaza magonjwa mengine ya kifua, na tonge la kwanza liko mkononi, mzee akatabasamu kwa majivuno.

"Mimi nilijua iko safi," akasema. "Nimempa dawa mimi mwenyewe."

"Dawa gani, mzee?"

"Ile yako. Ya mbuzi. Nikidunga mbuzi, naye namdunga. Mvua ikianza, mvua ikiisha. Kwani yeye si mfugo?"

Tonge nikalirudisha kwenye sahani. Niliona giza. Nilimwuliza mzee lini amemdunga mara ya mwisho, akaniambia mwezi uliopita tu, palepale karibu na zizi, na kwamba mbwa alitapika, akalala siku nzima, kisha akaamka. Alilisimulia kama ushindi. Nilisema maneno ambayo mtu wa umri wangu hasemi mbele ya mtu wa umri wake, nami siyarudii hapa. Mama alinivuta mkono, "Malesh, daktari, malesh, samehe, kaa chini." Nikakaa, lakini nilikaa kwa shida.

Shida ilikuwa hivi. Dawa ile ya mbuzi ni ya jamii moja na zile tunazotumia kuzuia minyoo ya moyo, lakini dozi ya mbuzi inazidi ile ya kumkinga mbwa mara thelathini hivi. Mbwa akiwa na damu iliyojaa watoto wa minyoo, ukiwaua wote kwa mpigo anaweza kuanguka akafa mbele yako. Huyu alikuwa ametapika tu, bahati yake. Na zaidi ya hapo, dawa inawaua watoto lakini wazazi wao ndani ya moyo inawaacha. Kwa hiyo damu safi niliyoiona haikuwa na maana yoyote. Mzee alikuwa amefagia uwanja, nami nikasema nyumba haina watu.

Nikawaambia minyoo bado inaweza kuwa moyoni. "Na mbona ingeingia, na mimi nilikuwa nadunga?" mzee akauliza. Alikuwa amenuna, lakini swali lilikuwa zuri.

Nikamweleza kwa mbuzi, maana kwa mbuzi tunaelewana. Dawa hizi hazimzuii mbu kuuma. Zinarudi nyuma na kuwaua vijana wa minyoo walioingizwa na mbu katika mwezi uliopita, wakiwa bado wachanga chini ya ngozi. Ndiyo maana zinatolewa kila mwezi. Ukisubiri kutoka mvua hadi mvua, vijana wanakuwa wakubwa dawa haiwawezi tena, na baada ya miezi sita au saba wako moyoni wanazaa. Mbu akimuuma mbwa huyo anawabeba watoto wao, wanakomaa ndani yake, na joto la huku linawaharakisha, kisha anampelekea mbwa mwingine.

"Basi nimechelewa kila mwaka," mzee akasema, akaangalia chini. Hasira zangu zikaishia hapo. Alikuwa amemdunga kwa sababu anampenda, na ni wangapi huku wanaweza kusema hivyo kuhusu mbwa wa jirani.

Niliagiza kutoka Nairobi kipimo cha aina nyingine, kile kinachotafuta alama wanazoziacha minyoo majike wakubwa kwenye damu, hata kama watoto hawapo. Kikaja kwa basi, nikarudi nacho dukani kwa mama. Mstari mmoja ni salama, miwili ni minyoo. Mama hakutaka kuangalia, akanigeuzia mgongo. Ikaja miwili.

"Atakufa?" akauliza, bado amenigeuzia mgongo.

Nilimwambia kweli. Sindano yenyewe hasa ya kuua minyoo wakubwa sikuwa nimeipata popote nilipoulizia. Iliyobaki ni njia ndefu: vidonge vya mwezi mzima vya kudhoofisha bakteria ambao minyoo hawa wanaishi nao na kuwategemea, kisha dawa ya kinga kila mwezi bila kukosa, hadi wakubwa wazeeke wafe wenyewe. Na minyoo wakifa wanakatika vipande vinavyoziba mishipa ya mapafu. Mbwa akikimbia wakati huo, moyo ukienda mbio, anaweza kufa ghafla. Kwa hiyo asikimbie. Si leo, si wiki hii. Asikimbie kabisa hadi niseme.

"Kalas, basi," mama akasema. "Hatakimbia."

Mzee akaniomba basi nimpimie kidogo kwenye chupa yake, kwa kuwa dawa ni jamii moja. Nikamkatalia, safari hii kwa adabu. Kidogo ninachokitaka mimi ni kidogo ambacho sirinji ya mbuzi haikioni. Nikachagua ya kudondosha kwenye ngozi ya shingo, ambayo mama angeiweka mwenyewe, Jumapili ya kwanza ya mwezi akitoka kanisani, hata mwezi wa kiangazi. Mbu huku hawaendi likizo. Pale kwenye mabomba ya maji ya kambi wanazaliana mwaka mzima.

Mzee ndiye aliyesokota kamba ya ngozi ya mbuzi ya kumfungia mbwa. Na mama akienda Kerio, mzee ndiye aliyebaki dukani na mbwa. Nilikuwa nikipita bila taarifa ili niwafumanie wamemfungua mbwa, sikuwafumania hata mara moja. Niliwakuta wawili hao wamelala kivulini, kamba imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wa mzee. Vijana wa kambini walimtania, "Mzee, nani amemfunga nani?" Paka walilijua jambo lile mapema, wakawa wanapita mbele ya mbwa polepole, kwa dharau, na yeye anatetemeka mwili mzima bila kuinuka.

Kikohozi kilipungua, kikaisha. Kipimo cha kwanza baada ya vidonge bado kilileta mstari wa pili. Kilichofuata, mstari ulikuwa hafifu, tukaushikilia juani tukibishana kama upo. Mvua zikanyesha, zikapita, zikarudi. Halafu ukaja mmoja. Sikuwaruhusu kufurahi. Nikasema tusubiri nusu mwaka turudie, na mama akaniambia mimi ni mtu mgumu, nami nikamwambia ndiyo.

Niliporudia, ukaja mmoja tena. Darubini nayo haikuona kitu, na safari hii niliiamini.

"Mfungue, mama," nikasema.

Akafungua kamba shingoni. Tulikuwa nyuma ya soko, kwenye uwanja wa mchanga, sisi watatu. Mbwa akabaki ameketi. Mama akamwambia nenda. Mzee akampigia mluzi wa malishoni. Mbwa akatutazama mmoja mmoja, mkia unafagia mchanga, na hakuinuka. Alikuwa amefundishwa vizuri mno. Alikuwa anajua kwamba kukimbia ni kosa, na sisi ndio tuliomwambia.

Mimi nikaanza kufikiria la kusema kama daktari. Mama hakufikiria. Alivua ndala zake, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, mwanamke mnene mwenye wajukuu, akaanza kukimbia. Alikimbia vibaya, huku akicheka na kumwita kwa lugha ya kwao, mchanga ukiruka nyuma yake. Mbwa akasimama. Akapiga hatua moja, akageuka kunitazama mimi, si mzee, mimi, na nikamwambia, "Nenda, nenda tu."

Akampita mama kabla sijamaliza kusema.