Mstari Niliouongeza Chini

Mimi shule niliiacha darasa la tano, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Gisenyi, malori, na nyumba ya ghorofa ambayo wapangaji wake wana digrii. Simu yangu naiongoza kwa sauti. Nabonyeza, naongea, natuma. Dereva akisikia ninavyomkaripia na kucheka hapohapo, anajua hajafukuzwa kazi.

Mke wangu alipofariki, sauti hiyo ilikufa. Nilijirekodi nikimwagiza dereva saruji, nikajisikiliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma bango. Ndiyo maana ujumbe kwa rafiki yangu niliuandika kwa vidole.

Rafiki yangu ni fundi wa nguo sokoni. Tulianza pamoja kubeba mizigo mpakani, pale Grande Barrière, tukiwa vijana waliorudi kutoka Kongo. Mimi nilipanda, yeye alibaki na cherehani yake, na hatujawahi kuachana. Kwenye harusi na misiba yetu mikro, kile kipaza sauti, ni yake, hakuna asiyejua. Keshoye ilikuwa siku ya kumaliza matanga, ile tunayoita gukura ikiriyo, na alikuwa ameshaniambia atasimulia jinsi mama watoto alivyokaanga na kuuza dagaa wa sambaza kando ya ziwa mpaka tukapata duka la kwanza. Nilijua atalia. Watu wote watalia, kisha watanigeukia mimi, nami sina chozi. Tangu mazishi nilikuwa nakula kwa sababu sahani imeletwa.

Nikaandika: «Kesho usishike mikro. Sitaki uongee juu ya mama watoto. Nimeisha kata shauri.»

Dada yangu mkubwa alikuwa anachambua mchele pembeni. Nikampa simu aangalie kama herufi zimekaa sawa. Akasoma, akaweka ungo chini.

«Yee! Mumegombana?»

«Hapana.»

«Donc juu ya nini unamufukuza? Mutu anaongeaka kwa misiba ya watu wote, kwa yako unamufunga kinywa. Atasema umeona yeye ni fundi tu, unaogopa wakubwa wako wamusikie.»

Hilo halikuwa limenipitia kichwani. Nilisikia kama linamhusu mtu mwingine, lakini nilielewa: nikituma vile, kesho hatakuja, na hatarudi tena.

Nikataka kufuta ile «sitaki».

«Acha ile,» akasema. «Ukilegeza, atafikiri unaona haya tu, atashika mikro. Neno ibakie nguvu. Ongeza mustari chini.»

Nikaongeza: «Usikasirike.»

«Sasa umemuonyesha iko kitu ya kukasirikia. Toa.»

Nikaandika: «Mungu akubariki.»

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. «Hiyo unatumiaka hata mutu wa umeme! Mukubwa muzima, na magorofa yako! Andika kitu ile unaweza kuandikia yeye peke yake. Na usianze na lakini. Ukiweka lakini, atajua unamupaka mafuta.»

«Nimuulize kama tuko sawa?»

«Atakujibu ndiyo hata kama hapana. Usimuulize. Mwambie.»

Nikakaa na simu mkononi. Nimeshajadiliana na wahandisi bei ya nondo za jengo zima bila karatasi, na pale nilitafuta mstari mmoja sikuuona. Nikajiuliza kesho nitamtaka wapi, kama siyo kwenye mikro. Jibu lilikuja bila uchungu wowote. Nikaandika:

«Utakaa na mimi mustari wa mbele, upande wa kuume, kwa sababu sitaki mutu mwingine pale. Lori ndogo itapita kukuchukua na muke wako.»

Dada akasoma toka juu mpaka chini. «Tuma. Yote pamoja, usikate mara mbili. Akipata ile ya juu peke yake, moyo itakuwa imeisha kuvunjika.»

Nikatuma. Alama zikawa buluu. Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Nilipaswa kuogopa. Niliangalia tu.

Akajibu: «Sawa muzee. Hotuba nitaimeza. Na lori ya saruji hapana, koti yangu ni nyeusi! Tuma ile voiture yako ya majivuno.»

Nikamwonyesha dada. Akarudi kwenye mchele wake.

Keshoye nilituma voiture, gari langu dogo la kutembelea. Alikaa upande wangu wa kuume, goti lake likigusa langu. Mshereheshaji, kwa mazoea, alimfuata na mikro moja kwa moja, na watu wakaanza kutulia ili wamsikie.

«Leo mi niko mufiwa,» akasema, bila kuishika. «Mufiwa haongei. Peleka kwa wengine.»

Mikro ikaenda kwa wengine. Waliongea maneno mazuri, nadhani. Mimi nilikaa, yeye akakaa.