Sita Nyekundu ya Safu ya Saba

Mwenzangu wa nyumba pale Elwak, mwalimu kama mimi, hakupanda basi kabla ya kuuliza karata. Alizipanga safu saba mkekani. Mchezo ukifunguka, karata zote zikapanda juu ya ree zake, zile karata za moja, alisafiri; ukikwama, alibaki. Sikumcheka. Ile barabara watu wameteremshwa kwenye mabasi wakapigwa risasi. Lakini safari hii mama yake alikuwa mahututi Garissa, akimwita, na karata zilikuwa zimemgomea tangu juzi.

Asubuhi hiyo basi likapiga honi sokoni. Akapanga. Saba nyeusi ilikuwa wazi, ikingoja sita nyekundu ipande juu yake, na sita nyekundu zilikuwa mbili: moja safu ya pili, yenye karata moja tu iliyofunikwa, nyingine safu ya saba, yenye sita zilizofunikwa. Akavuta ile ya safu ya pili. Chini yake ikatoka tano nyeusi, akaipandisha pia, akafurahi kwamba safu imebaki tupu. Tupu ya nini? Hapo huwekwa kingi tu, na kingi hakuwa naye! Safu ya saba ikabaki na mzigo wake wote. Akafunua bunda la karata zilizobaki tatu tatu mpaka zikarudi zile zile.

"Umeona, walaal, ndugu yangu? Njia ni mbaya."

"Mkono wako ndio mbaya! Fukua kwanza penye nyingi. Usimalize safu kama huna kingi wa kuiweka."

"Kadi haidanganyi."

"Haijui kitu! Watu wamezijaribu kwa kompyuta. Ukifunua tatu tatu, hata ungeziona zote, katika mia zinafunguka themanini na mbili hivi. Sisi tusioona tunafungua chache mno. Hizo zinazokwama zinajua nini kuhusu njia? Mama yako anakufa, wewe umekaa na makaratasi!"

Akanizaba kofi. Nikamrukia. Akanigongesha kichwa ukutani, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, naye akanikaba koo huku akiniita mbwa. Wallahi nilitaka kumvunja. Tuliachana tuliposikia basi likiondoka.

Akatoka uani kunawa. Mimi, kwa hasira tu, nikazirudisha zile karata mbili mahali pake, nikavuta sita ya safu ya saba. Chini yake ikatoka kingi. Nikaiacha ile safu ya pili itulie, nikaendelea kufukua kwingine, na kingi akapata nafasi baadaye. Damu ya pua ilinidondokea mkononi na sikujifuta. Mchezo ukafunguka wote.

Simu yake ililia nikiweka karata ya mwisho. Nikaipokea; alikuwa dada yake. Mama amefariki, wanazika leo baada ya alasiri, na kutoka Elwak hadi Garissa kwa siku hiyo hakuna anayewahi.

Akaingia, akayaona mafungu manne yamekamilika.

"Ni zile zile?"

"Zile zile."

Nikamwambia na la mama yake, nikakunja ngumi nikimngoja. Hakunigusa. Alianza kujipiga mwenyewe usoni, kwa ngumi zote mbili, akimwita mama yake, hooyo, hooyo, na mimi nikamshika mikono kwa nguvu zangu zote nikashindwa.