Kikombe cha Nane

Ofisi ya ushirika wa korosho pale Kilindoni ina watu wanane, ingawa kwa miaka kumi na miwili waliotajwa walikuwa saba na mhudumu. Mhudumu huyo ni Bi Mwanaharusi, mzaliwa wa Bwejuu, aliyeletwa Kilindoni na ndoa na kubakizwa na ujane. Alilea watoto watatu kwa vitumbua vya asubuhi na ufagio wa mchana, na wote watatu walisoma. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufungua madirisha, kupeleka barua, na saa nne kamili kubeba chupa ya chai mpaka sokoni kununua kahawa ya ofisi nzima. Jua la saa nne unalijua. Magoti yake yalilijua zaidi.

Kwa hiyo aliposikia kwamba mwisho wa ujia, pale palipokuwa na printa mbovu, patatengenezwa kona ya kahawa, alifurahi kuliko wote. Hata meza aliisugua yeye, siku mbili kabla ya mtu kuomba isuguliwe.

Mpango aliuandika Mudrik, mhasibu, kijana mwenye miwani na adabu nyingi, ambaye hawezi kuona jambo bila kulichorea mistari. Kila mtu angetoa elfu kumi mara moja, ya vyombo: birika la umeme, chupa kubwa ya chai, chujio, kopo la sukari lenye kifuniko kinachobana, beseni, vikombe na bilauri kubwa za chai. Halafu elfu tano kila mwezi, ya kahawa, sukari, tangawizi, iliki, maji ya kunywa na sabuni. Akaibandika karatasi ukutani. Mwanaharusi akaisoma kwa kidole, jina kwa jina, akafika chini. Majina saba.

Akamwuliza lake li wapi. Mudrik akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. "Wewe tumekusamehe, mama. Wewe utatusaidia vikombe tu."

Hakuwa na ubaya, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mwanaharusi alirudi nyumbani na jambo hilo limemkaa kooni kama mwiba wa changu. Kesho yake akaja na noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza ya Mudrik.

"Asiyechanga hukaribishwa, mwanangu," akasema. "Mimi nataka kujikaribisha. Na zamu ya kuosha tuigawe kwa watu wanane."

Bi Amal, meneja, alikuwa mlangoni, akasikia. Ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo huwa amri. Akasema jina la nane liandikwe, na zamu zigawanywe. Akaongeza kwamba kona hiyo anaijaribu kwa mwezi mmoja. Ikileta siafu, uchafu au ugomvi, printa itarudi mahali pake na Bi Mwanaharusi atarudi na chupa yake sokoni. Usiku ule Mwanaharusi aliandika majina yote manane kwenye vikombe kwa rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu. Lake aliliandika mwisho.

Siku ya kwanza umeme ulikatika ofisi nzima. Birika lilikuwa limechomekwa kwenye waya mmoja na mashine ya fotokopi, na vitu viwili hivyo vinavyokula moto mwingi vilipowashwa pamoja, swichi kuu ikaanguka. Birika likahamishiwa kwenye soketi yake ya ukutani, peke yake, na ujia ukatulia. Siku ya pili Sadick, afisa ugani anayekwenda Kirongwe na pikipiki kila asubuhi, alimimina kahawa na tangawizi humohumo ndani ya birika, kwa haraka ya safari. Likafurika mpaka sakafuni, na kwa wiki nzima maji ya chai yakawa na ladha ya kahawa. Ndipo Mwanaharusi akawafundisha wasomi hawa: birika ni la maji matupu; kahawa, tangawizi iliyopondwa na iliki hutiwa kwenye jagi, humwagiwa maji yanayochemka, huachwa itulie, kisha huchujwa kuingia kwenye chupa.

Maji ya kisima nayo yalileta yao. Yana chumvichumvi, na baada ya siku kumi chini ya birika kulikuwa na ukoko mweupe. Mwanaharusi akachemsha maji yaliyokamuliwa ndimu mbili, akayaacha yakae saa nzima, akasuuza mara tatu, ukoko ukatoka. Tangu hapo birika nalo likatiwa maji ya kununua. Kopo la sukari likasimamishwa ndani ya sahani ya maji, na sisimizi wa Kilindoni, ambao hawajui kukata tamaa, wakabaki ng'ambo wakitazama. Zamu nazo zilikwenda, isipokuwa ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ilikuwa ya Mudrik na Mudrik alikuwa na wageni siku zote. Alhamisi mbili mfululizo Mwanaharusi alimwoshea kimyakimya. Mazoea yana taabu. Yeye alikuwa amezoea kuosha.

Tarehe kumi na saba kahawa ikaisha.

Kilo nzima, iliyohesabiwa itoshe mwezi mzima kwa watu wanane, vikombe viwili kwa siku. Mudrik alikokotoa mara tatu, na mara zote hesabu ilisema ingepaswa kubaki karibu nusu. Ufunguo wa kabati la kahawa alikuwa nao Mwanaharusi. Kwenye kikao cha Ijumaa, Mudrik akaangalia karatasi yake badala ya kuangalia watu, akasema labda ufunguo ukae kwake kwa muda, na kwamba kama mtu alichukua kidogo kwa ajili ya nyumbani, si kosa kubwa, bora kusema tu.

Mwanaharusi alihisi uso wake ukiwaka. Aliona aibu, na aliona hasira kwamba anaona aibu.

"Mimi si mwizi, Mudrik," akasema. "Nipeni siku tano, niwaonyeshe kahawa inakwenda wapi."

Bi Amal akasema siku tano amepewa, na Ijumaa ijayo ataamua kuhusu kona. Kahawa ya siku hizo Bi Amal akainunua kwa fedha zake.

Jumatatu kila kikombe kilikuwa kimewekewa kisosi chini yake, na kando palikuwa na bakuli la korosho zisizobanguliwa. Masharti yalikuwa mepesi. Kahawa yako mwenyewe, kunywa. Ukimtilia mtu ambaye jina lake haliko kwenye kikombe chochote, weka korosho moja kwenye kisosi chako. Alichagua zenye maganda makusudi, maana maganda yake huunguza midomo, na anamjua Sadick: korosho safi zisingefika Jumanne.

Watu walicheka, wakazitia. Kisha wakaacha kucheka. Mkulima ametoka Kirongwe alfajiri, amekaa benchi la ujiani anasubiri malipo. Utapita mbele yake na kikombe kinachofuka moshi, usimwambie karibu? Mama yako atasikia huko aliko. Dereva wa gari la mizigo, mjumbe wa tawi, mke wa mjumbe wa tawi, wote walikaribishwa, na wote, kwa adabu ileile, hawakukataa. Na kila mmoja alitiliwa kwenye bilauri kubwa la chai, kwa sababu ndivyo vyombo vilivyonunuliwa.

Ijumaa visosi vikaletwa mezani. Bi Amal korosho kumi na moja. Sadick tisa. Mwanaharusi nne. Wengine tano tano, sita sita. Cha Mudrik kilikuwa kimefurika, zimeanguka mpaka kwenye trei. Alizihesabu mwenyewe, kwa sababu ni mhasibu na hakuna njia nyingine angeweza kuamini. Thelathini na nane.

Alivua miwani akaifuta. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wale watu hukaa dirishani kwake tangu saa mbili, angefanyaje.

"Ungewakaribisha, kama ulivyofanya," Mwanaharusi akamjibu. "Hujakosea kukaribisha. Ulikosea kuandika majina. Ulihesabu wenyeji ukasahau wageni, na nyumba ya watu haina mwezi bila mgeni."

Hakuna aliyependekeza wageni wanyimwe. Kwa hilo tu Mwanaharusi aliwasamehe nusu. Halafu akatoa ndani ya mkoba wake vikombe kumi na viwili vidogo, vile visivyo na mkono, alivyonunua kwa muuza kahawa wake wa sokoni aliyekuwa akimpunguzia bei. Bilauri moja la chai hujaza vinne kama hivyo, akasema, na kahawa chungu ya kikombe kidogo haitaki sukari. Inataka kipande cha kashata kwa anayependa. Babu zetu walikuwa na wageni wengi kuliko ushirika na hawakufilisika. Bi Amal akatwaa kalamu, akaandika jina la tisa kwenye karatasi: Mgeni. Mchango wake ungelipwa na wote, kila mtu akiongeza elfu moja. Akamrudishia Mwanaharusi ufunguo, mbele ya watu, bila hotuba. Kona imepita, akasema, tuendelee na ajenda.

Kahawa ya mwezi uliofuata ilivuka tarehe thelathini na ikabaki ya siku mbili.

Mudrik hakuomba radhi siku ile. Watu wa mistari huchukua muda kupata mstari wa kuandikia jambo kama hilo. Lakini Alhamisi iliyofuata, saa nne, Mwanaharusi alipoinuka kwa mazoea kwenda kwenye beseni, akamkuta ameshakunja mikono ya shati, povu limemfika kwenye viwiko, chupa ya chai imekwisha kujazwa kahawa na kufungwa kifuniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nilikudhania vibaya," akasema, akiwa bado anasugua kikombe. "Imeniuma. Nenda ukakae."

Hakujua akae wapi. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kukaa saa nne. Akaenda kwenye benchi la ujiani, kando ya mzee mmoja wa korosho mwenye kofia, akakaa kwenye ukingo kama anayesubiri kuitwa. Yule mzee alitazama kanga yake, akatazama ufagio uliokuwa karibu naye ukutani, akamwomba amletee kahawa.

Magoti yalikwisha kuanza kuinuka. Mudrik akatokea na trei, ametota kifuani, akampa mzee kikombe kidogo.

"Mzee, leo zamu yangu," akasema. "Mama huyu amekaa."

Akampa Mwanaharusi kikombe kikubwa chenye jina jekundu. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa. Kijana alikuwa ametia tangawizi nyingi mno. Akainywa kahawa yote.