Dodoso na Chai ya Kuaga

Kwetu Masasi mtu haondoki kazini kama anayekimbia mvua. Anaagwa. Kwenye kituo cha afya cha binafsi nilikokuwa nikishughulikia mambo ya utumishi, pamoja na tawi lake la Newala, chai ya kuaga ilijulikana hadi kwa wagonjwa. Siku hiyo hata mwenye drip alitumiwa andazi. Kulikuwa na mhogo wa kuchemsha, chapati, korosho za kukaanga, na hotuba nyingi kuliko chapati. Mwishoni anayeaga alisimama, akashika kifua, akasema kama kuna aliyemkosea amsamehe, naye amewasamehe wote. Watu wakafuta macho.

Kisha, kabla chai haijapoa, aliletewa dodoso la kuacha kazi alijaze palepale mezani.

Utaratibu huo niliukuta, na nadhani aliyeuanzisha alipenda tu kila jambo la kuondoka liishe kwa mkupuo mmoja. Hebu fikiria mwenyewe. Umetoka kusamehe watu hadharani. Matroni wako amekaa kulia kwako, anakumiminia chai. Daktari mwenye kituo amekaa kushoto, anakutafunia korosho sikioni. Karatasi inakuuliza: Unauonaje uongozi wa kituo? Visanduku vitatu vya kuweka tiki: Mzuri sana, Mzuri, Wa kawaida. Sijawahi kuona tiki kwenye Wa kawaida. Penye swali la kazi kuwa nyingi, wengi waliandika "Kazi ni kazi." Penye sababu ya kuondoka, matatizo ya kifamilia. Ukizisoma karatasi zile ungedhani familia zote za nyanda za Makonde zimeingiwa na balaa.

Na bado wauguzi wa Newala waliendelea kuondoka, mmoja baada ya mwingine, hadi chai za kuaga zikaanza kutuchosha.

Asubuhi moja Daktari akaniita ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikajua leo kuna jambo. Mimi huitwa Mama Mapacha, na yeye akitaka kunibembeleza hulivuta jina hilo kama wimbo. Siku hiyo hakulivuta.

"Mama Mapacha, Matroni wa Newala anawafukuza watoto wa watu. Mdomo wake mkali. Mwisho wa mwezi ujao nampumzisha."

Matroni alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Ana mtoto chuoni, na nyumba yake Newala ilikuwa bado haijapata milango ya ndani. Mkali alikuwa mkali kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kufokewa kwa kuegesha baiskeli karibu na mlango wa wodi. Lakini nilipouliza Daktari amejuaje kuwa ndiye sababu, alisema inajulikana tu. Hasira zikanipanda. Mimi sina subira na jambo la kujulikana tu.

Nikamwomba mwezi huo mmoja nitengeneze dodoso linalosema kweli. Alikubali, tena kwa furaha, na kesho yake akanitumia swali la kwanza alilolitunga mwenyewe: "Je, ni kwa kiasi gani ukali wa Matroni ulikufanya uache kazi?"

"Daktari," nikamwambia, "swali hili limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Hata mimi ambaye sijaacha kazi nikilisoma naanza kumchukia Matroni."

Alicheka. Ndilo jema lake, hucheka upesi. Akaniachia niendelee.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitenganisha dodoso na chai. Chai ibaki chai, watu waombane msamaha na kulia kwa raha zao. Pili, nikalitenganisha na malipo. Zamani cheti cha utumishi na stahili za mwisho vilitolewa baada ya karatasi kujazwa, na nani atamsema vibaya aliyeshika kalamu ya kusaini cheti chake? Nikaamua kila anayeondoka apewe chake chote kwanza. Kisha zipite wiki kadhaa, awe ameshatulia alikokwenda, ndipo nimpigie simu mimi, ambaye simsimamii muuguzi yeyote. Majibu nayaandika mimi, kwa kuwa mahali padogo kama petu mwandiko wa mtu unajulikana kama sauti yake.

Na kabla ya swali lolote nasema wazi nini kitafika juu na nini hakitafika. Kwa Daktari naenda na yale yaliyosemwa na watu kadhaa, yakiwa yamechanganywa, bila jina wala tarehe. Jambo lililosemwa na mmoja tu nitalikalia, isipokuwa likihusu hatari kwa mgonjwa, na hilo nalo namwambia mapema ili asije akasema nilimgeuka. Asiyetaka kujibu, hajibu, na tunaagana vizuri.

Yalibaki maswali. Nilimjaribishia rafiki yangu mmoja aliyewahi kuwa muuguzi Newala, siku hizi anauza vitenge sokoni Masasi. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamsomea: "Unaonaje uhusiano wako na kiongozi wako?"

"Ulikuwa mzuri," akasema, huku anakunja doti.

"Na kazi, ilikuwa nyingi?"

"Ya kawaida."

"Mbona uliacha, basi?"

"Sasa wewe umeniuliza kwa nini niliacha? Umeniuliza uhusiano." Akanicheka hadi mteja akageuka.

Nilikwenda nyumbani nimenuna, nikafuta kila swali lililomtaka mtu atoe maoni juu ya mtu. Adabu zetu haziruhusu. Ukimuuliza mtu wa huku kama mkubwa wake ni mbaya, atakujibu kwa adabu, hata kama mkubwa huyo amemuua nusu. Lakini ukimuuliza kilichotokea, atakusimulia, maana kusimulia si kusema vibaya. Basi nikaandika: Fikiria zamu yako ya mwisho ya usiku. Ulitoka kazini saa ngapi, na kama ulibaki, ni kwa ajili gani? Mara ya mwisho rosta ilipobadilishwa, ulijulishwaje, na ulibakiwa na muda gani wa kujipanga? Mara ya mwisho ulipopeleka shida kwa kiongozi, kilifuata nini? Kila swali likauliza jambo moja tu, na jina la Matroni sikulitia popote, wala la mtu mwingine.

Swali la mwisho nililipata nikiwa nawaogesha mapacha, nikikumbuka jinsi wadogo zangu walivyokuwa wakipokezana kukaa kwa shangazi yetu kule Chiungutwa. Anayetoka hakumsema shangazi hata siku moja. Ila alimwita pembeni anayeingia, akamwambia kila kitu: amka kabla yake, mtungi wa maji usiuache wazi, ukisikia anaimba usimsogelee. Basi nikaandika: Anayekuja kushika nafasi yako, ungemwambia nini ili adumu?

Nikarudi sokoni na dodoso jipya. Rafiki yangu aliacha kukunja. Alipofika swali la mwisho alizungumza mpaka nikaishiwa karatasi nikaandika nyuma ya risiti zake.

Kisha nikaanza kuwapigia waliokwisha kuondoka. Mmoja alikuwa Lukuledi, mwingine Mtwara, mwingine yuko nyumbani kwao analea. Wote niliwauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na nikajifunza kunyamaza, jambo ambalo mume wangu hakuamini. Ukinyamaza kidogo baada ya jibu la kwanza, la pili huja lenyewe.

Lililokuja lilinikalisha chini. Wote walisimulia kitu kimoja. Ametoka zamu ya usiku, amechoka, anatafuta sweta lake aende kulala kwenye ubaridi ule wa Newala. Simu inalia kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe umetumwa kutoka Masasi: aliyetoka usiku aunganishe na huduma ya mkoba huko kijijini Chilangala, akapime watoto na kuchanja. Au jioni, mtu ameshapika, anaambiwa kesho zamu yako imehama. Hakuna aliyesema ujumbe ni wa nani. Hapakuwa na haja, mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi lile.

Na Matroni? "Mwambie anayekuja akifokewa na Matroni asikimbie," alisema mmoja. "Anafoka, lakini siku nimezidiwa alipanda yeye gari la Chilangala, naye alikuwa ametoka usiku kama mimi." Mwingine akasema, "Nilipompelekea shida alipiga simu Masasi mbele yangu. Alijibiwa vibaya. Sikumpelekea tena, nilimwonea huruma."

Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na mapacha wakawa wananitazama kama nimepagawa.

Mwisho wa mwezi nikaingia ofisini kwa Daktari na ukurasa mmoja. Nilikuwa naogopa, nisifiche. Ajira ya Matroni ilikuwa mkononi mwangu, na yangu ilikuwa karibu yake. Sikumwambia nimegundua nini. Nilimsomea tu ushauri kwa anayekuja, yale yaliyorudiwa na watu kadhaa.

"Asizime simu akitoka usiku, huenda siku yake haijaisha. Asipike mapema, zamu inaweza kuhama. Akifokewa na Matroni avumilie, maana huyo ndiye anayemtetea."

Daktari alianza kwa kucheka, kama kawaida yake. Nilipofika hapo pa kupika mapema kicheko kikapungua. Akatoa simu yake, akalifungua kundi, akawa anapandisha ujumbe kwa kidole, taratibu, kwa muda mrefu.

"Hawa wananisema mimi," akasema.

"Hawajakutaja, Daktari."

"Ndiyo maana naamini." Akaweka simu kifudifudi mezani. "Mimi nilidhani nasaidia. Gari limekwenda na watu hawatoshi, natuma ujumbe. Sikuwahi kufikiria nani ametoka usiku."

Tuliandika utaratibu siku hiyohiyo. Rosta ibandikwe wiki mbili kabla. Atakayeibadilisha ni Matroni peke yake. Aliyetoka usiku analala, na huduma ya mkoba inapangiwa watu wake. Daktari alijitoa kwenye kundi kwa kidole chake mwenyewe, akaniambia anajisikia kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Matroni hakuambiwa alivyokuwa karibu kuondolewa. Aliambiwa tu kuwa rosta ni yake, akasema ilikuwa yake siku zote.

Miezi ikapita bila chai ya kuaga, hadi mpishi akalalamika. Kisha simu yangu ikalia, yule muuguzi wa Lukuledi. Nikadhani amekumbuka jibu.

"Mama Mapacha, shikamoo. Lile swali la anayekuja kushika nafasi yangu. Ameshakuja?"

"Marahaba, mwanangu. Bado."

"Basi niulizie kama naweza kuja mimi."

Nikampigia Matroni papo hapo, nikamweleza. Alinyamaza. Mimi nami nikanyamaza, nimeshafuzu kazi hiyo. Nikasikia anavuta kamasi, kisha akakohoa kama mtu aliyepaliwa.

"Mwambie Jumatatu ana zamu ya asubuhi," akasema. "Na asichelewe, sitaki ujinga."