Sekunde Arobaini za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, anaishi ghorofa ya pili na vitambaa vya watu. Watoto wake wako mbali na hupiga simu wakiwa na haraka. Rafiki yake alikuwa mmoja tu, Nesi mstaafu wa ghorofa ya chini, wa dini nyingine. Kila alasiri walikunywa chai pamoja.

Mwaka jana, sikukuu ya kina Nesi ilipofika, Shangazi alituma video kwenye kundi la simu la jengo. Humo alijifunga kilemba kama chao na kusema kwa madaha kwamba tofauti ni majina tu, sote tunaamini kitu kilekile. Nesi alipanda ngazi siku hiyohiyo. “Dada, imani yangu umenisemea wewe,” alisema. “Hukuniuliza.” Akashuka. Tangu hapo kikombe chake kimefunikwa kabatini.

Mwaka huu niliitwa kuandika maneno ya video nyingine, kwa kuwa nilisoma utangazaji mpaka nusu. Nusu hiyo ndiyo fahari ya ukoo.

Shangazi alianza na “Mungu wetu ni mmoja.” Nikafuta. Akaleta “ndugu katika imani.” Nikafuta. Akanuna, akauliza sasa abaki na nini, salamu za benki? Nikamwambia aseme anachokijua mwenyewe, na sikukuu aiache kwa wenyewe. Akataka kilemba, nikakataa. Akataka wimbo wao wa ibada uchezwe nyuma, nikakataa. Alipoinuka kuiondoa ukutani kalenda ya nyumba yake ya ibada, asije akawaudhi, nilimwambia aiache. Hajifichi, wala hamvuti mtu kwenye dini yake.

Tukarekodi mara sita. Mara tatu alikohoa, mara moja alinitukana. Ya mwisho ilikuwa hivi:

“Majirani zangu, hii ni sikukuu yenu. Mimi ni wa dini nyingine, kwa hiyo sitawaeleza maana yake, mnaijua ninyi. Nawatakia siku njema na wageni wema. Siku hiyo cherehani yangu itanyamaza, msikie wageni wenu. Nesi, mwaka jana nilikusemea. Nisamehe.”

Sekunde arobaini, hakuna zaidi. Tukatuma.

Kundi likajaa vidole gumba. Nesi, kimya. Shangazi aliigeuza simu uso chini, akashona suruali ya mteja, akaifumua, akaishona tena pale pale. Nilibaki kwa sababu nilishindwa kuondoka.

Siku ya sikukuu cherehani ilinyamaza kweli. Nyumba ikawa kama imehamwa. Wageni wa chini tuliwasikia kidogo, wakaondoka mapema. Alasiri simu ikalia, ujumbe wa sauti wa Nesi:

“Asante, dada. Umesema vizuri. Lakini washa hicho kimashine chako. Wageni wameshaenda, na nisipokisikia nadhani umekufa.”

Hakusema atapanda. Shangazi alisikiliza mara mbili, akachukua kipande cha kitambaa kisicho cha mtu yeyote, akakishona mpaka giza likaingia. Kabla sijaondoka nilimwona anaosha vikombe viwili.